Mirihi Ilikuwa Wapi Alipozaliwa Ali?

Oktoba 1954, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, mtoto wa miaka 12 alitoka kwenye maonyesho na kukuta baiskeli yake haipo. Ilikuwa mpya, nyekundu kwa nyeupe. Alilia, akawaka kwa hasira, akauliza polisi walipo. Akaelekezwa ghorofa ya chini ya jengo lile lile, ambako askari mmoja, Joe Martin, alikuwa akifundisha watoto ndondi. Mtoto akamwambia kwamba akimtia mwizi mkononi atamtandika. Martin akamuuliza kama anajua kupigana. Kama hajui, akamshauri, ajifunze kwanza.

Baiskeli haikupatikana. Mtoto yule, Cassius Clay, alijifunza ngumi, na mwaka 1964 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Muda mfupi baadaye dunia ikamjua kwa jina la Muhammad Ali.

Kisa hiki kina kila kitu ambacho wanajimu hukihusisha na sayari moja tu. Kuna hasira, kuna hamu ya kuwa juu ya wengine, kuna mwili unaotaka kazi, na kuna namna mtu anavyolianza jambo. Kwao, mambo hayo manne ni milki ya Mirihi, sayari nyekundu. Wanadai kwamba ukijua Mirihi ilikuwa kwenye nyota gani na nyumba gani dakika mtu alipozaliwa, utajua anavyokasirika, anachokitafuta na anavyoanza kazi. Ramani ya kuzaliwa ya Ali inafaa sana kuonyesha jinsi usomaji huo unavyofanyika, na mahali unapopasuka.

Msomaji wa safu za nyota magazetini amezoea nyota moja tu, ile inayotokana na tarehe ya kuzaliwa. Katika Afrika Mashariki safu hizo zilivuma hasa kwa kazi ya Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011. Nyota hiyo ya magazetini ni mahali Jua lilipokuwa. Ali alizaliwa Januari 17, 1942, kwa hiyo gazeti lingemwita Mbuzi na kuishia hapo. Lakini katika unajimu kamili kila sayari ina nyota yake, na mtu wa Mbuzi anaweza kuwa na Mirihi kwenye Samaki, Simba au kwingineko.

Jina Mirihi tumelipata kwa Waarabu, na elimu ya kuisoma imepita njia hiyo hiyo. Klaudio Ptolemayo, aliyeandika mjini Aleksandria katika karne ya 2, aliifafanua kama sayari inayokausha na kuunguza. Wanajimu wa Baghdadi waliendeleza kazi hiyo, na kwenye vitabu vya falaki vya Kiarabu Mirihi ikapewa siku ya Jumanne pamoja na sifa isiyopendeza: ni nuhusi ndogo. Nuhusi kubwa ni Zohali. Wazee wa falaki waliitazama Mirihi kwa jicho la tahadhari, wakaona humo vita, damu, moto na kisu. Ni katika karne ya 20 wanajimu wa Ulaya na Marekani walipoanza kuisoma kama tabia ya ndani ya mtu, yaani msukumo unaomtoa kitandani asubuhi na kumfanya agombanie kitu anachokitaka.

Hatua ya kwanza ya usomaji ni nyota. Mirihi hulizunguka Jua kwa siku 687, hivyo kwa kawaida hupita kwenye nyota moja kwa wiki sita au saba. Lakini kila baada ya miezi 26 hivi Dunia huipita njiani, nayo kwa macho yetu huonekana kusita na kurudi nyuma. Ikisita hivyo, inaweza kukaa kwenye nyota moja kwa nusu mwaka. Ndivyo ilivyokuwa kabla Ali hajazaliwa: iliingia Punda, ambayo wenye falaki huiita Hamali, mwanzoni mwa Julai 1941, na haikutoka hadi Januari 11, 1942. Siku sita baadaye mtoto akazaliwa, Mirihi ikiwa imeingia Ng'ombe nyuzi tatu tu.

Siku hizo sita zina uzito mkubwa kwa mnajimu. Mirihi ina nyota mbili inazozimiliki, Punda na Nge, na humo husemekana hufanya kazi yake bila kizuizi. Kwenye Mbuzi hutukuka, kama mgeni anayewekwa kiti cha mbele. Kwenye Kaa huanguka. Na kwenye Mizani na Ng'ombe, zinazotazamana na milki zake, huwa ugenini, kwa sababu hizo ni milki za Zuhura, sayari ya mapenzi na starehe. Ni askari aliyelazwa kwenye chumba cha udi na marashi. Kwa kanuni hii, bondia aliyetamba kuliko wote wa zama zake alizaliwa siku sita baada ya Mirihi kuondoka kwake, ikiwa imeingia mojawapo ya nyota inazozichukia.

Mnajimu mzoefu hashtuki. Atakwambia kuwa ugenini si kukosa nguvu, ni kuzitumia kwa namna nyingine, kisha ataeleza namna yenyewe kwa kutumia asili nne ambazo wasomaji wa nyota wa pwani wanazijua: moto, udongo, upepo na maji.

Mirihi ikiwa kwenye nyota za moto, yaani Punda, Simba na Mshale, hasira hulipuka kama makuti makavu na huzimika upesi vilevile. Mtu wa namna hii huanza kwanza, maswali baadaye. Kwenye nyota za upepo, Mapacha, Mizani na Ndoo, hasira hutokea mdomoni. Mtu huanza jambo kwa kulizungumza, kulipanga na kutafuta wenzake, na akikuudhi utasikia hoja kabla ya ngumi. Kwenye nyota za maji, Kaa, Nge na Samaki, hasira huzama. Mtu hununa, hukumbuka, huanza jambo kwa kulizunguka kama kaa anavyokwenda ubavu, na nguvu zake hutoka zote pale watu wake wanapoguswa.

Nyota za udongo ni Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi. Hapo hasira ni ya akiba. Huchelewa kuja, lakini ikija si rahisi kuiondoa. Mtu hupima, huvumilia, hujaribu ardhi kwa mguu mmoja, na akishaanza hang'oki. Katika asili hiyo Ng'ombe ndiye mzito kuliko wote. Hachokozeki, ila akisimama njiani utamsukuma hadi ujichoke mwenyewe.

Hapo mnajimu humpeleka msikilizaji Kinshasa. Usiku wa Oktoba 30, 1974, Ali akiwa na miaka 32, alipanda ulingoni kupambana na George Foreman, bingwa wa miaka 25 ambaye hakuwa ameshindwa hata pambano moja kati ya 40. Watu walitarajia Ali acheze kwa miguu na kukimbia. Kuanzia raundi ya pili akafanya jambo lililowatisha hata watu wake wa pembeni. Aliegemea kamba, akafunika uso kwa mikono, akamwacha Foreman apige. Foreman akapiga mbavu, mikono na mabega, raundi baada ya raundi, hadi mikono yake mwenyewe ikawa mizito. Raundi ya 8 Ali akatoka kwenye kamba na kumwangusha. Mnajimu akimaliza kusimulia hukunja mikono na kuuliza: hiyo kama si Mirihi ya Ng'ombe ni nini?

Hatua ya pili ni nyumba. Hapa tarehe haitoshi, lazima saa ijulikane. Sababu ni rahisi. Nyota ya Mirihi hubadilika kwa wiki, hivyo watoto wote waliozaliwa duniani katika muda huo wanaichangia. Nyumba hubadilika kwa mzunguko wa Dunia. Ndani ya saa 24 Mirihi huchomoza, hupanda hadi kilele, huzama na kupita chini ya miguu yetu, kama Jua lifanyavyo. Mduara huo umegawanywa nyumba 12, hivyo kila nyumba ina wastani wa saa mbili. Pacha wanaozaliwa kwa kupishana dakika kumi huwa na Mirihi ya nyota moja, na mara nyingi ya nyumba moja. Jirani aliyezaliwa siku hiyo hiyo jioni atakuwa na nyumba tofauti kabisa.

Kama nyota inaeleza namna ya kupigana, nyumba inaeleza uwanja wa mapambano. Nyumba ya kwanza ni mwili wenyewe, na Mirihi hapo humfanya mtu awe mwepesi wa kuingia mbele. Ya pili ni mali, hivyo mtu hugombania kipato. Ya nne ni nyumbani na wazazi, ambako ugomvi ni wa ndani ya mlango. Ya sita ni kazi za kila siku na maradhi, ya saba ni ndoa na maadui wa wazi, ya kumi ni kazi na cheo mbele ya watu. Ya kumi na mbili ni ya vifungo, siri na maadui waliojificha. Wanajimu wa zamani waliiogopa kuliko zote.

Saa ya kuzaliwa ya Ali inayotumiwa na wanajimu ni 12:35 jioni, kwa hesabu yetu ya saa. Wakati huo Louisville, Jua limeshazama na nyota ya Simba inapanda mashariki. Juu kabisa angani kuna Ng'ombe, na Mirihi iko pale, imevuka kilele kiasi cha nusu saa tu. Ni kama imening'inizwa juu ya paa la hospitali.

Je, hiyo ni nyumba ya ngapi? Hapa wanajimu wenyewe hawakubaliani. Njia ya kale huhesabu nyota nzima kuwa nyumba moja, kuanzia ile inayochomoza. Simba ikiwa ya kwanza, Ng'ombe ni ya kumi, basi Mirihi ya Ali iko kwenye nyumba ya kazi na umaarufu. Njia inayotumiwa zaidi leo Ulaya na Marekani, iliyopewa jina la mtawa Mwitalia Plasido, huanzisha nyumba ya kumi kwenye kilele chenyewe. Kwa kuwa Mirihi ilikuwa imeshakivuka, iko nyumba ya tisa, ambayo ni ya dini, sheria na safari za mbali.

Nyumba ya kumi inafaa bila maelezo, maana mtu huyu alijulikana dunia nzima kwa kupigana. Lakini ya tisa inafaa hata zaidi. Ali alijiunga na jumuiya ya Waislamu weusi wa Marekani. Aprili 28, 1967, mjini Houston, alikataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnamu, akitaja dini yake. Akavuliwa ubingwa, akahukumiwa miaka mitano jela na faini ya dola 10,000, akabaki nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu huku rufaa ikiendelea, hadi Mahakama Kuu ya nchi yake ilipoifuta hukumu hiyo Juni 1971. Pambano kubwa kuliko yote kwake lilikuwa la imani na sheria. Safari za mbali nazo zipo. Alipigana Kinshasa na Manila, na Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Afrika kushawishi nchi zisusie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, ambako Mwalimu Nyerere hakukutana naye na waandishi wa habari walimbana kwa maswali. Tanzania ilikwenda Moscow.

Usomaji huu unavutia, na umejengwa kwa kanuni zinazofahamika. Tatizo ni kwamba kila kipande chake kimechaguliwa baada ya maisha kujulikana. Mirihi ya Ng'ombe inamweleza Ali wa Kinshasa, lakini haimwelezi Ali wa 1964 aliyemchanganya Sonny Liston kwa miguu myepesi na mdomo usiofungwa. Na tazama aliyekuwa kona ya pili usiku ule wa 1974. Foreman alizaliwa Januari 10, 1949, Mirihi ikiwa Ndoo, nyota ya upepo. Kwa kanuni ile ile, yeye ndiye angekuwa mtu wa maneno na mipango, na Ali awe mzito wa kusema na mzito wa mkono. Waliofuata mapambano yao wanajua ilikuwa kinyume chake.

Ili kujua kama Mirihi ina lolote la kusema, ilibidi mtu ahesabu watu wengi kabla ya kusimulia maisha ya mmoja. Aliyefanya hivyo ni Mfaransa Michel Gauquelin, mwanasaikolojia na mtakwimu aliyezaliwa Paris mwaka 1928. Alikuwa na faida moja kubwa: sheria ya Ufaransa huagiza saa ya kuzaliwa iandikwe kwenye rejista za serikali. Alizunguka ofisi za miji akinakili saa za kuzaliwa za madaktari, askari, waigizaji na wanamichezo mashuhuri. Matokeo ya kwanza aliyachapisha mwaka 1955.

Kuhusu nyota hakuona kitu. Wanamichezo hawakujazana kwenye Punda wala Nge, na hawakuikimbia Mizani. Lakini alipotazama mahali Mirihi ilipokuwa katika mzunguko wake wa siku, alipata jambo lililomshangaza. Aligawa mzunguko huo vipande 12. Viwili kati yake, kipande kinachofuata mara tu baada ya Mirihi kuchomoza na kinachofuata mara tu baada ya kuvuka kilele, vilikuwa na mabingwa wengi mno. Kwa kubahatisha, watu 17 kati ya 100 wangezaliwa humo. Kwa mabingwa zaidi ya 2,000 aliowakusanya baadaye, walikuwa karibu 22.

Ali, aliyezaliwa nusu saa baada ya Mirihi kuvuka kilele, anaangukia ndani kabisa ya kipande cha pili.

Wanajimu walishangilia, lakini walioangalia vizuri waliona aibu iliyojificha. Nyumba huhesabiwa kuanzia upeo wa mashariki kwenda chini, kinyume na mwendo wa anga. Sayari inayokaribia kuchomoza ndiyo iliyo nyumba ya kwanza, na iliyokwisha kuchomoza imeingia ya kumi na mbili. Vilevile, iliyovuka kilele imetoka ya kumi na kuingia ya tisa. Maana yake ni kwamba mabingwa wa Gauquelin walijaa kwenye nyumba ya tisa na ya kumi na mbili, ambazo mafundisho ya miaka karibu elfu mbili yanaziita dhaifu. Kwenye ya kwanza na ya kumi, ambako kitabu kingewaweka wapiganaji, hakukuwa na ziada hiyo. Kama Gauquelin alikuwa sahihi, basi wanajimu walikuwa wamesoma nyumba vibaya muda wote huo.

Na je, alikuwa sahihi? Hapo ubishi ulidumu zaidi ya miaka 30. Kamati ya wanasayansi wa Ubelgiji ilikusanya wanamichezo 535 na ikapata ziada kama ya kwake, ingawa ilikataa kukubali maana yake. Wenye shaka wa Marekani walihesabu wanamichezo 408 wa nchi yao, na ziada haikuonekana. Gauquelin akajibu kwamba wengi wa hao hawakuwa mabingwa wa kutosha. Mwisho, kamati ya Ufaransa ilichukua wanamichezo 1,066 wa nchi hiyo, na ripoti yake ilipotoka mwaka 1996, idadi kwenye vipande vile viwili ilikuwa karibu sana na ile ya kubahatisha. Gauquelin hakuiona ripoti hiyo, kwa kuwa alifariki mwaka 1991.

Shaka kubwa iliangukia jinsi mabingwa walivyochaguliwa. Neno bingwa halina mpaka kamili. Mchezaji aliyecheza timu ya taifa mara moja ni bingwa, au si bingwa? Anayeamua hivyo akiwa tayari anajua Mirihi ya mchezaji ilikuwa wapi, mkono wake unaweza kuteleza bila yeye kukusudia. Wachache wakiingizwa upande mmoja na wachache wakiachwa upande mwingine, 17 inakuwa 22. Na hata tukimpa Gauquelin hesabu yake yote, mabingwa 78 kati ya kila 100 walizaliwa Mirihi ikiwa kwingine kabisa, hivyo mzazi hawezi kuitumia kuamua kama amnunulie mwanawe glavu au daftari.

Ni Gauquelin huyo huyo aliyeonyesha kwa nini usomaji wa mtu mmoja mmoja unaonekana kweli hata ukiwa si kweli. Alitangaza gazetini kwamba atatoa usomaji wa nyota bure, kisha akawatumia watu wapatao 150 karatasi ileile moja. Wengi mno, 94 kati ya kila 100 waliojibu, walisema imewaeleza wao hasa. Karatasi ile ilikuwa imeandikwa kwa tarehe na saa ya kuzaliwa ya Marcel Petiot, daktari wa Paris aliyewaua watu kadhaa wakati wa vita na kukatwa kichwa kwa gilotini mwaka 1946.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mtego mwingine, nao uko kwenye saa yenyewe. Mama akikumbuka kwamba alijifungua saa 2 usiku, mtoto akiingiza 2 kwenye programu ya simu bila kubadili, ramani inakwenda kombo kwa saa sita, sawa na nyumba tatu. Kwa aliyezaliwa Nairobi au Dar es Salaam miaka ya 1950 kuna ziada ya tatizo: saa rasmi wakati huo ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, si saa tatu kamili kama leo. Programu isiyojua hilo itakosea kwa robo saa. Dalili ya kosa la saa sita huonekana kwa kuangalia Jua. Aliyezaliwa usiku, Jua lake lazima liwe nusu ya chini ya ramani. Likiwa juu, saa imeandikwa vibaya.

Tuifanyie ramani ya Ali kosa hilo kwa makusudi. Saa 12:35 jioni iandikwe 12:35 kama ilivyo, na programu itaielewa kuwa mchana. Mirihi inabaki Ng'ombe nyuzi tatu, ila sasa imechomoza saa moja na kitu iliyopita, na kwa njia ya Plasido iko nyumba ya kumi na mbili, ya vifungo na maadui wa siri. Mnajimu asiyejua kosa atakumbuka hukumu ya miaka mitano jela, miaka ya kufungiwa nje ya ulingo, na askari wa upelelezi waliokuwa wakisikiliza simu zake. Atatikisa kichwa na kusema inamfaa.

Tukosee tena, safari hii tuandike asubuhi badala ya jioni. Mirihi inashuka hadi upande wa pili wa Dunia na kuingia nyumba ya tatu, ambayo ni nyumba ya maneno, ndugu, majirani na safari fupi za mtaani. Ali alimtania kila mpinzani, akatunga mashairi ya kutabiri raundi atakayomwangushia, na mdogo wake naye alikuwa bondia. Lakini mnajimu hatahitaji hata kufika huko. Kwenye nyumba hiyo ya safari fupi kuna chombo kimoja kinachomtosha: baiskeli nyekundu kwa nyeupe, iliyoibwa Oktoba 1954 wakati mwenyewe akiwa ndani kwenye maonyesho.